Kikombe Kimevunjika

Mtoto akivunja kikombe jikoni, ukamwuliza kuna nini huko, hasemi "nimevunja kikombe." Husema "kikombe kimevunjika." Wala hajadanganya. Kikombe kweli kimevunjika, vipande viko sakafuni, hakuna wa kubisha. Ila ndani ya sentensi yake yeye mwenyewe hayumo. Kikombe kimefikwa na siku yake, naye kasimama kando kama jirani aliyesikia kishindo akaja kuchungulia.

Mama hajasomea isimu, lakini mtego huu haumpiti. "Kimevunjika, au umekivunja?"

Swali hilo ndilo ninalokwenda nalo kila mtu maarufu anapoposti radhi. Sura yake mnaijua: ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, au video iliyorekodiwa sebuleni bila vipodozi, sauti imeshuka, macho yamevimba kidogo. Watu huanza kuamua kwa macho hayo. Amelia kweli? Sauti imetetemeka? Mimi nashauri machozi tuyaweke kando, maana wapo wanaolipwa kwa kuyatoa. Tusome sentensi. Tutafute nani kafanya nini, kamfanyia nani.

Chukua mfano huu. Nimeutunga mwenyewe, ingawa najua utahisi umewahi kuusoma. Mchekeshaji kapanda jukwaani, kawafanyia mzaha wanawake ambao hawajajaliwa watoto. Kipande cha video kimesambaa, watu wamewaka. Kesho yake anaandika: "Kumekuwa na maneno mengi kuhusu video inayozunguka mitandaoni. Nia yangu ilikuwa kuwachekesha tu. Kama kuna yeyote aliyekwazika na kauli ile, namwomba radhi. Mimi ni binadamu, na hakuna binadamu aliyekamilika. Tuendelee kupendana."

Ukiisoma haraka ni radhi safi, na neno lenyewe limo. Sasa isome kama mama wa kikombe.

Kitenzi kilichobeba mzigo ni "aliyekwazika." Mzizi wake ni kukwaza, yaani kumfanya mtu ajikwae. Ukisema "nimewakwaza," sentensi ina watu wawili: mimi niliyekuwa jiwe njiani, na nyinyi mliojikwaa. Ukisema "mmekwazika," jiwe limeondolewa. Amebaki mtu mmoja tu aliye chini, kaanguka mwenyewe kwa miguu yake mibovu. Ni umbo lilelile la kikombe kimevunjika, nguo imechanika, pesa zimepotea. Kiswahili kimetupa umbo hilo kwa kazi halali, kwa sababu vipo vitu vinavyovunjika bila mvunjaji. Lakini mzaha haujisemi wenyewe jukwaani.

Kisha tazama "kama kuna yeyote." Wanawake wameshaandika, wengine wameeleza kwa majina yao jinsi walivyoisikiliza video ile wakiwa na ndugu wa mume pembeni. Huyu bwana amezisoma jumbe zao, na ndizo zilizomfanya aandike. Hata hivyo "kama" inawarudisha wote kwenye foleni ya mashaka, waanze upya kuthibitisha kwamba waliumia. Na "yeyote" huwafuta sura: si wanawake wasio na watoto tena, ni mtu fulani huko, pengine mwenye moyo mwepesi kuliko wenzake.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Hajamtukana mtu, wala hajasema "nyinyi ndio wenye makosa." Lakini ukimaliza kusoma, kosa limeshahama kutoka kwenye ulimi wa msemaji likaenda kwenye sikio la msikilizaji. Walioumia wamegeuka kuwa watu wasiojua utani.

Wanaoandika kwa Kiingereza wana njia fupi zaidi, kwa sababu lugha ile hutumia neno moja kumfariji mfiwa na kukiri kosa. Msanii wa huko anaweza kusema neno hilo akimaanisha la kwanza, mashabiki wakasikia la pili. Sisi tuna pole na tuna samahani, na hakuna anayeyachanganya. Pole hutolewa na mtu aliyekuta shida tayari ipo. Mpita njia humwambia pole aliyegongwa, lakini dereva aliyemgonga akimwambia pole tu kisha akapandisha kioo, watu watamzuia. Kwa hiyo ukitaka kujua thamani ya radhi iliyoandikwa Los Angeles, jaribu kuiweka kwa Kiswahili. Ikikaa vizuri kwenye "poleni mlivyojisikia," umeshapata jibu.

Kuna watu watasema, basi nusu radhi si afadhali kuliko kunyamaza? Mwaka 2003 Jennifer Robbennolt, profesa wa sheria nchini Marekani, aliipima hoja hiyo. Aliwapa watu kisa cha kubuni: umegongwa na mwendesha baiskeli, umeumia, na sasa unapewa kiasi fulani cha fedha ili usiende mahakamani. Utakubali? Pale ambapo mgongaji hakuomba radhi kabisa, asilimia 52 walielekea kukubali. Pale alipoomba radhi kamili, akakiri kwamba kosa ni lake, walifika asilimia 73. Na pale alipoomba ile nusu, ya kusikitika kwamba mwenzake ameumia bila kukiri lolote, walioelekea kukubali walishuka hadi asilimia 35. Chini kuliko ukimya.

Robbennolt aligundua pia kwamba nusu radhi huharibu zaidi pale madhara yanapokuwa makubwa au kosa linapokuwa wazi. Jambo likiwa dogo, au ikiwa haijulikani nani mkosaji, watu huichukulia poa. Hilo linaeleza kwa nini mchekeshaji wetu angesamehewa haraka kama mzaha ulikuwa wa kuchelewa kwa daladala, na kwa nini kwa mzaha huu ile "kama" inawasha moto upya. Kila mtu ameiona video. Kosa liko wazi, halafu mwenye kosa anauliza kama lipo.

Sasa nataka tumfuate mtu mmoja kwa miaka, kwa sababu posti moja peke yake haitoshi kumpima mtu. Justin Timberlake ananifaa kwa kazi hii. Ametoa radhi za aina mbili tofauti kabisa, na tukio la kwanza lilionekana na mamilioni ya watu moja kwa moja.

Tarehe 1 Februari 2004, mjini Houston, yeye na Janet Jackson walitumbuiza wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Mwishoni mwa wimbo Timberlake alinyoosha mkono akavuta sehemu ya vazi la Janet kifuani, na titi lake likaonekana kwenye televisheni kwa muda usiofika sekunde moja. Taifa zima likachafuka. Taarifa ya Timberlake ilikuwa fupi: anasikitika ikiwa kuna aliyeudhiwa na hitilafu ya mavazi, haikukusudiwa, na ni jambo la kusikitisha.

Hitilafu ya mavazi! Sijapata kuona kikombe kimevunjika kwa ustadi huu. Mkono uliovuta haumo katika maneno hayo, na mwanamke aliyevuliwa mbele ya dunia hamo pia. Nguo ndiyo iliyofanya. Nguo ilichanika, watazamaji wakaudhika, na yeye kasimama katikati akiwasikitikia wote wawili. Baadaye maneno hayo yaliingia katika Kiingereza cha kila siku, yakawa mzaha wa vipindi vya usiku, na pengine ndiyo maana watu walisahau kwamba yalizaliwa ndani ya radhi.

Janet kwa upande wake alitoa taarifa akasema uamuzi wa kuonyesha kilicho chini ya vazi ulikuwa wake, ulifanywa baada ya mazoezi ya mwisho, na kwamba mambo yalikwenda vibaya. Akaomba radhi watazamaji, kituo cha televisheni na ligi. Yaani mmoja alisema "niliamua," mwingine akasema "ilitokea." Wiki moja baadaye zilitolewa Tuzo za Grammy. Timberlake alihudhuria, akashinda, na jukwaani akarudia radhi yake akiwa na lile neno lake la "kama mliudhika." Janet hakuwepo ukumbini. Mwaka 2006 Timberlake mwenyewe aliiambia MTV kwamba, kama lawama ilipaswa kugawanywa nusu kwa nusu, yeye pengine aliipata asilimia 10 tu, na kwamba Marekani huwa kali zaidi kwa wanawake. Mwaka 2018 aliitwa tena kutumbuiza kwenye Super Bowl.

Ruka hadi Februari 2021. Filamu ya televisheni kuhusu maisha ya Britney Spears, aliyekuwa mpenzi wake enzi za ujana, imetoka tarehe 5. Inaonyesha jinsi vyombo vya habari vilivyomtafuna binti yule baada ya wao kuachana, na jinsi Timberlake alivyonufaika na simulizi hiyo. Ukurasa wake wa Instagram umefurika. Tarehe 12 anaposti taarifa ndefu.

Na hii ni radhi ya namna nyingine. "Kama" haimo. Anawataja Britney Spears na Janet Jackson kwa majina, anasema anamwomba radhi kila mmoja kwa nafsi yake, na anasema alishindwa. Anasema alinufaika na mfumo unaokubali kuwadharau wanawake na ubaguzi wa rangi. Anasema hataki tena kunufaika na mtu mwingine kushushwa, na kwamba radhi hii ni hatua ya kwanza tu, haifuti yaliyopita. Ukiiweka kando ya ile ya 2004 utadhani zimeandikwa na watu wawili tofauti, na nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa tayari kuipigia makofi.

Isome mara ya pili ukitafuta kikombe. Alifanya nini? Taarifa inasema anasikitikia nyakati ambazo matendo yake yalichangia tatizo, alipozungumza pasipostahili, au alipokosa kutetea lililo sawa. Nyakati zipi? Super Bowl haitajwi. Hayatajwi mahojiano ya redio na magazeti alikojibu maswali kuhusu mambo ya faragha ya Britney. Hauguswi wimbo wa "Cry Me a River" wa mwaka 2002, ambao video yake ilimwonyesha mwanamke anayefanana na Britney. Badala yake inakuja aya kuhusu tasnia: tasnia ina kasoro, imeundwa kuwapa mafanikio wanaume, hasa wazungu. Ni kweli, na si jambo dogo kwa mtu kama yeye kulisema. Ila kwa kazi ya radhi, tasnia inaweza kuwa nguo nyingine. Mkono bado haujaonekana.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya posti ile ni kwamba majina ya walioumizwa yamo, kukiri kushindwa kumo, ahadi imo, ila kosa lenyewe halimo. Mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za Janet Jackson angeisoma yote bila kujua Janet alifanyiwa nini. Hicho ni kipimo kizuri na hakihitaji utaalamu wowote: mpe posti mtu asiyejua kisa, kisha mwulize mwandishi alikosa nini. Akishindwa kukuambia, tatizo si la msomaji.

Ukitaka kuona radhi inayopita kipimo hicho, isikilize ya Dan Harmon. Huyu ndiye aliyebuni tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iitwayo Community, na mmoja wa waandishi waliokuwa chini yake alikuwa Megan Ganz. Mwanzoni mwa 2018 Ganz alimkabili hadharani mtandaoni. Siku chache baadaye Harmon aliitumia podikasti yake kueleza, kwa dakika kama saba, alichokifanya. Hakuanza na nia yake njema. Alisema alivutiwa na mfanyakazi wake, akajidanganya kwamba hakuna shida, akawadanganya na wengine pia. Alisema alimpendelea na kumsifu kwa namna iliyomfanya Ganz asijue kama anasifiwa kwa kazi yake au kwa sababu nyingine. Alisema alipokataliwa alianza kumtesa kazini, kwa namna ambayo asingemtesa mwanamume. Kila hatua ilikuwa na mtendaji, na mtendaji alikuwa yeye.

Ganz aliwataka watu wasikilize, akasema ni darasa la namna ya kuomba radhi. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwa miaka alikuwa akijiuliza kama aliyaota yale mambo, kama yeye ndiye mwenye kasoro. Kusikia mkosaji akiyasimulia moja baada ya jingine kulimpa uhakika kwamba yalitokea na kwamba hakuwa mwendawazimu. Hapo utaona kwa nini kutaja kosa si adabu tu. Aliyeumizwa na mtu maarufu huwa ameshaambiwa na maelfu ya mashabiki kwamba anatafuta kiki. Radhi inayotaja kosa humrudishia ushahidi wake, na ile ya "kama kuna aliyekwazika" humpokonya hata huo kidogo aliokuwa nao.

Tuna jambo jingine letu la kuangalia. Tukio lote hili tunaliita kuomba msamaha. Jina lenyewe ni ombi, kwa hiyo mtu akishaandika "naomba msamaha" hudhani kazi imekwisha, na mashabiki hudhani hivyohivyo: "Si kaomba msamaha, mnataka nini tena?" Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake waliwapima watu 755 wakitumia vipengele sita vya radhi. Kilichobeba uzito kuliko vyote kilikuwa kukiri kwamba kosa ni langu. Cha pili kilikuwa ahadi ya kurekebisha. Cha mwisho kabisa, ambacho watafiti walisema kinaweza hata kuachwa, kilikuwa kuomba kusamehewa. Kisa walichotumia kilimhusu mhasibu aliyewahi kukosea hesabu za kodi za mteja, si msanii aliyewatukana watu, kwa hiyo tusizitie namba zao kwenye mizani ya dhahabu. Lakini mpangilio huo unaeleza kitu tunachokijua. Ombi ni rahisi kwa mwombaji, na humwachia mzigo aliyeumia. Sasa ni zamu yake kutoa. Asipotoa, yeye ndiye mwenye roho ngumu.

Na wapo wanaolijua hilo wakalitumia makusudi. Utamwona mkosaji mwenyewe akiandika kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni nzuri sana kinywani mwa aliyeumizwa. Kinywani mwa aliyeumiza ni ufedhuli. Vivyo hivyo na "hata Mungu husamehe." Masheikhe wa pwani hufundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na likiwa linahusu haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Deni la mbuzi wa jirani halilipwi msikitini.

Ndiyo maana ni muhimu pia kuangalia radhi inaelekezwa kwa nani. Mwishoni mwa 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuuimba jukwaani wimbo wa "Mwanza" uliokuwa umepigwa marufuku. Waliomba radhi kwa video, na mwanzoni mwa 2019 wakafunguliwa. Sisemi kama walimaanisha au hawakumaanisha, kwa sababu radhi ya namna ile haipimwi kwa moyo. Ni ufunguo unaopelekwa kwa mwenye kufuli. Radhi inayowataja wadhamini, uongozi, mashabiki na familia, kisha aliyetukanwa akaja mwishoni au asitajwe kabisa, ni ndugu yake: imeandikwa kwa ajili ya walioshika mkataba.

Kuhusu mashabiki nina kisa kimoja. Mwisho wa Desemba 2017 Logan Paul, kijana Mmarekani mwenye mamilioni ya watazamaji YouTube, alipandisha video iliyoonyesha mwili wa mtu aliyejiua katika msitu wa Aokigahara nchini Japani. Tarehe 1 Januari 2018 aliandika radhi akasema hakufanya kwa ajili ya kupata watazamaji kwa sababu watazamaji anao, kwamba alitaka kuleta mabadiliko mema, na akakumbusha kwamba hutengeneza kipindi kila siku kwa zaidi ya siku 460. Radhi ikageuka wasifu wa kuombea kazi. Watu wakawaka zaidi. Kesho yake akatoa video, na safari hii akasema kitu ambacho wengi hukikwepa: akawaambia mashabiki wake waliokuwa wakimtetea waache, kwa sababu alichofanya hakistahili kutetewa.

Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini kati ya siku hizo mbili. Pengine meneja ndiye aliyebadilika. Lakini kauli ile ilikuwa na gharama. Mtu maarufu ana jeshi, na kila anapoposti radhi jeshi hilo husoma ili lijue la kufanya. Ukiandika "kuna watu wanataka kunishusha," umelielekeza pa kurusha mawe. Ukinyamaza wakati wanamtukana aliyeumia chini ya posti yako ya radhi, radhi hiyo inaliwa na maoni yake yenyewe. Kwa hiyo nikishasoma posti hushuka chini, niangalie anajibu nini na anakaa kimya wapi.

Tuwatendee haki pia. Si kila "kama" ni ya hila. Nyuma ya mtu maarufu yupo wakili, na wakili anajua kwamba sentensi ya "nilimpiga" inaweza kusomwa mahakamani. Ndiyo maana posti nyingi huwa laini kama uji. Na wapo wanaosingiziwa. Lakini kwa aliyesingiziwa lugha ina neno la heshima kabisa: sikufanya. Asimame nalo. Mpishi Mario Batali, Desemba 2017, alipotuhumiwa na wanawake kwa kuwashika isivyostahili, aliwatumia wafuasi wake barua pepe ya radhi, na mwishoni akaongeza nakala ya namna ya kupika mikate ya mdalasini kwa kifungua kinywa cha sikukuu. Baadaye, mwaka 2022, mahakama ya Boston ilimwachia huru katika kesi ya jinai. Mahakama ilikuwa na kazi yake. Sisi wasomaji tuliachiwa barua, na barua ilisema wazi kwamba mwandishi alikuwa akiwaza wateja.

Kinachobaki baada ya yote haya ni muda, na muda ndio usioajiriwa na meneja. Posti nzuri inaweza kununuliwa. Wapo watu ambao kuziandika ndiyo kazi yao. Ahadi iliyomo ndani yake ndiyo unayoweza kuikata ukaibandika ukutani. Timberlake aliahidi mwaka 2021 kwamba hataki tena kunufaika na wengine kushushwa. Oktoba 2023 Britney Spears alitoa kitabu cha maisha yake, na uhusiano wao ukarudi kwenye midomo ya watu. Mwisho wa Januari 2024 Britney aliposti Instagram akiomba radhi kwa baadhi ya aliyoyaandika humo.

Siku chache baadaye, tarehe 31 Januari 2024, Timberlake alitimiza miaka 43 akiwa jukwaani Irving Plaza, New York. Zamu ya "Cry Me a River" ilipofika, alishika kipaza sauti akasema angependa kutumia nafasi hiyo kumwomba radhi, pamoja na tusi katikati, hakuna mtu yeyote. Kisha akaanza kuimba.